Sababu ya kuidhinisha aksesi ya data: aandike mwombaji au mwenye data? Yetu imejaa "ok" tu

#1 FundiLogi
Wakuu heshima yenu. Nipo kitengo cha mifumo kwenye SACCOS moja ya wafanyakazi, jina tuliache. Zamani mtu alikuwa anampigia fundi simu "niwekee aksesi ya mikopo bana, bosi anataka ripoti" na fundi anaweka, imeisha hiyo. Mwaka jana tukaweka fomu ndani ya mfumo. Mfanyakazi anaomba, anachagua data anayoitaka, ombi linaenda kwa mwenye data (mikopo ni ya meneja mikopo, hisa na akiba ni za mhasibu mkuu), yeye anakubali au anakataa na lazima ajaze sababu, halafu sisi kazi yetu kufungua tu.

Sasa juzi mkaguzi wa ndani kaomba tumtolee maombi yote pamoja na sababu zake. Nimefungua ile kolamu nikatamani niifunge. "ok". "sawa". "Ok.". "kazi". "sawa kabisa". Moja ni nukta tupu.

Hoja yangu ni kwamba tumemtwisha mzigo mtu asiyehusika. Anayejua kwa nini data inatakiwa ni mwombaji, yeye ndo aandike sababu, mwenye data abonyeze ndiyo au hapana basi. Nani anabisha?

#2 Mtu_wa_Pwani
Kwetu ruhusa lazima uandike sababu na umwambie nani atakushikia kazi, tena siku tatu kabla. Ukiandika "ok" utumishi wanairudisha. Tatizo ni nyie mnadekeza watu.

#3 chapa_kazi
#2 mzee hiyo ni ruhusa ya kwenda msibani 😂😂 wenzio wanaongelea ruhusa ya kuona data

#4 Mtu_wa_Pwani
Aah. Basi nipo nimekaa nasoma.

#5 kodi_safi
Mkuu FundiLogi hili dogo sana, usilipeleke kwa binadamu lipeleke kwenye databesi. Kama mnatumia Postgres weka hii na nukta yako haipiti tena:

```sql
ALTER TABLE maombi ADD CONSTRAINT sababu_ya_kweli
CHECK (length(trim(sababu)) >= 20);
```

Herufi 20 mtu hawezi kuandika ok. Ila ukumbuke kwanza hizo ok za zamani zitakataa isiwekwe, ongeza `NOT VALID` mwishoni ili isiyakague yaliyomo, ianze na yatakayoingizwa au kubadilishwa.

#6 Bi_Mikopo
Mimi niko upande wa pili wa hiyo fomu, ni mwenye data (mikopo, taasisi nyingine). Naomba niseme kwa nini tunaandika ok, maana nyie wa mifumo huwa mnaona sisi ni wavivu tu.

Ombi linanijia hivi: "Juma wa masoko anaomba `rpt_ln_arr_v3`, soma tu. Kubali / Kataa. Sababu:". Sasa mimi hiyo `rpt_ln_arr_v3` naijua wapi? Sijui ina majina, sijui ina namba za simu, sijui ina wadhamini. Nikikataa Juma atakuja mlangoni, bosi wake atapiga simu, jioni nitaambiwa idara ya mikopo inakwamisha kazi. Nikikubali hakuna anayenipigia. Hapo mtu mwenye akili timamu ataandika nini zaidi ya ok?

Kwa hiyo #1 nakubishia. Mwombaji aandike yake na mimi niandike yangu, ila nionyesheni kwanza nakubali nini.

#7 FundiLogi
Daah. Dada umenishika pabaya, ya kwetu inaonyesha jina la jedwali vilevile kama lilivyo kwenye databesi.

#8 mzee_wa_seva
#5 kijana, hiyo yako imetoboka na ukiamini inafanya kazi itakuaibisha siku ya ukaguzi. Jaribu kuidhinisha ombi ukiacha sababu tupu kabisa, yaani `NULL`, siyo nafasi wala nukta. Itapita kama hamna kitu. Urefu wa `NULL` ni `NULL`, na `NULL >= 20` nayo ni `NULL`, na `CHECK` inakataa pale tu jibu likiwa uongo, likiwa halijulikani inapitisha. Na ukikimbilia kuweka `NOT NULL` utakwama kwingine, kwa sababu ombi likiwa bado linasubiri sababu haijaandikwa na mtu yeyote. Inabidi uifunge na hali ya ombi:

```sql
CHECK (hali <> 'imeidhinishwa'
       OR (sababu IS NOT NULL
           AND length(trim(sababu)) >= 20))
```

Na ukiwa hapohapo ongeza `CHECK (aliyeomba <> aliyeidhinisha)`, maana siku moja meneja mikopo ataomba data ya mikopo na ombi litamrudia mwenyewe, atajikubalia.

#9 kodi_safi
Nimejaribu saa hizi, kweli imepita na NULL. Shikamoo mzee.

#10 NaiDev254
Niaje wasee. Hiyo ya herufi 20 tuliweka job yetu hapa Nairobi, wiki ya kwanza tu kukaingia "ok ok ok ok ok ok ok". Mwingine alikuwa na sentensi moja kaihifadhi kwenye simu, "Imeidhinishwa kwa matumizi ya ofisi", anabandika kila mahali. Sasa hiyo ni mbaya kuliko ok juu angalau ok unajua mtu hakusoma, hiyo nyingine inakaa ni kama alisoma.

Kama unataka kujua nani anapiga muhuri tu usisome sababu, angalia saa. Sisi tulikuwa tunahifadhi ombi lilifunguliwa saa ngapi na likaidhinishwa saa ngapi, ukipanga unaona mtu ana maombi kadhaa yote ndani ya dakika moja Ijumaa jioni. Hapo hata aandike insha.

#11 chapa_kazi
Ijumaa jioni 😂 huyo alikuwa anasafisha meza aende zake

#12 Wakili_Mtaani
Wadau mnazunguka tu, hili sheria imeshalimaliza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, inamlazimisha mwenye data aandike sababu kila anapompa mfanyakazi aksesi. Asipoandika ni kosa. Mkaguzi akukute na ok ujue umekwisha.

#13 MkaguziMstaafu
Wakili hapo umechanganya kidogo. Tarehe uko sawa. Lakini sheria haisemi habari ya fomu wala nani abonyeze nini. Inachotaka ni taarifa za mtu zitumike kwa lile lengo zilizokusanyiwa, na zilindwe wasiohusika wasizifikie. Kenya nao kwenye sheria yao ya 2019 kifungu cha 25 lengo limekaa hivyohivyo. Fomu ni njia yenu ya kuonyesha kwamba mnafanya hivyo, mngeweza kutumia hata daftari.

Mimi nilivyokuwa nakagua sikuwa nahesabu herufi. Nachukua ombi moja, nasoma sababu, halafu najiuliza: mtu ambaye hakuwepo siku hiyo akisoma hii anaweza kujua kwa nini huyu alipewa na mwingine akinyimwa? "Ok" haijibu. "Matumizi ya ofisi" haijibu. Na kitu cha pili naangalia waliokataliwa. Nikikuta tangu fomu ianze hakuna hata ombi moja lililokataliwa au kupunguzwa, sihitaji kusoma zaidi.

#14 Wakili_Mtaani
Sawa mkuu ila roho ya sheria ni hiyohiyo.

#15 FundiLogi
#13 umesema kupunguzwa. Kwetu kuna kubali na kataa tu, hakuna katikati.

#16 Bi_Mikopo
Hapo sasa ndo penyewe. Ngoja nikupe mfano halisi maana naona mnabishania kisanduku.

Kijana wa masoko aliomba orodha ya wanachama wote waliochelewa marejesho zaidi ya siku 30, sababu yake kaandika "kampeni ya marejesho". Kwa mtindo wako #1 hapo sababu imeandikwa na mwombaji, mimi nabonyeza ndiyo. Nikampigia simu nikamuuliza kampeni gani. Anasema wanataka kujua wapeleke gari la matangazo na semina kata zipi. Nikamuuliza majina ya nini sasa? Akanyamaza. Alikuwa anahitaji idadi ya waliochelewa kwa kila kata, basi, na yeye alikuwa anaomba jina, namba ya NIDA, simu, salio na mdhamini wa kila mtu, kwa sababu jedwali ndo limekaa hivyo na fomu inamwambia achague jedwali.

Nikakataa ombi, nikaandika: "Anahitaji idadi kwa kata kupanga semina, hahitaji mtu mmoja mmoja. Apewe ripoti ya jumla, kata zenye watu chini ya watano ziunganishwe." Hilo la watano nililiongeza kwa sababu kwenye kata ndogo ukisema kuna mmoja tu amechelewa kila mtu anajua ni nani.

Kwa hiyo mwombaji yuko sahihi kuandika anataka kufanya nini, hilo mimi silijui. Ila kwa nini nimempa kiasi hicho na si zaidi, hilo yeye hawezi kuniandikia. Hizo ni sababu mbili tofauti zimebanwa kwenye kisanduku kimoja.

#17 sista_zamu
Hongera dada umeeleza vizuri. Mimi nipo hospitali, wodi, na naomba nyie wa mifumo msije mkatuletea hii kitu jamani. Mgonjwa kaletwa saa nane usiku hajitambui, faili lake liko kliniki ya kisukari na mimi siruhusiwi kuliona, niandike ombi nisubiri mwenye data aamke?

#18 mzee_wa_seva
Sista kwa nyie inageuzwa. Mlango wa dharura: unabonyeza, unaandika maneno mawili, faili linafunguka hapohapo, na taarifa inaenda kwa mkuu wa kitengo kwamba fulani kaingia faili fulani saa fulani. Asubuhi yeye ndo anaandika kama ilikuwa halali au anakuita. Idhini inakuja baada, lakini inakuja.

Ubaya wake ni kwamba mlango wa dharura ukiwa mwepesi kuliko wa kawaida watu wote watahamia huko. Utaujua kwa zamu: dharura za usiku na wikiendi zinaeleweka, ukiona mtu wa zamu ya mchana na mkuu wake yupo chumba cha pili anaingia kwa dharura kila siku, huyo ni umbea au fomu yenu ya kawaida ni mateso.

#19 sista_zamu
Ipo kwetu hiyo ya kubonyeza, sikujua asubuhi kuna mtu anasoma. Sina hakika kama anasoma kweli 😅

#20 kodi_safi
Swali kwa mzee. Hizi aksesi zikishatolewa zinaisha lini? Maana nilikuwa nafikiri naweka `VALID UNTIL` kwa yule mtumiaji tarehe 30 na habari imeisha, Postgres yenyewe inamtoa.

#21 mzee_wa_seva
Hapana. `VALID UNTIL` ni ya nywila. Tarehe ikifika ile nywila inakataliwa akitaka kuingia upya, yaani umemfungia databesi nzima mtu ambaye ulitaka aache kuona jedwali moja tu. Na kama anaingia kwa njia isiyotumia nywila haimgusi kabisa, na kama alishaingia anaendelea kukaa humo. Ile `GRANT` uliyompa yenyewe haina tarehe, itakaa hadi mtu aiondoe.

Fanya hivi: tengeneza kundi moja kwa kila kiwango, mfano `mikopo_kwa_kata`, kundi ndo lipewe haki ya kusoma `VIEW` yenye kolamu zinazotakiwa tu, mtu aingizwe kwenye kundi. Kwenye ombi kuwe na `mwisho`, kila usiku kijobu kwenye `cron` kinapitia yaliyoisha muda na kufanya `REVOKE mikopo_kwa_kata FROM juma`. Halafu usiamini kijobu chako. Linganisha waliomo kweli na walioidhinishwa:

```sql
SELECT k.rolname AS kundi, m.rolname AS mtu
FROM pg_auth_members a
JOIN pg_roles k ON k.oid = a.roleid
JOIN pg_roles m ON m.oid = a.member;
```

Jina likitokea hapo na hana ombi lililo hai, kuna fundi alifungua kwa simu. Ila kuna walioandikwa `GRANT` moja kwa moja kwenye jedwali bila kundi, hao hapa hawatokei, uwatafute kwa `\dp`.

#22 NaiDev254
Ni sawa mzee lakini si mnaona nyote mnakwepa ile kitu kubwa? Juma akishapewa siku ya kwanza anatoa yote anaweka kwa Excel, anatuma kwa grupu ya Wasap ya idara. Sasa hiyo REVOKE ya mwezi ujao inafanya nini? Fomu imeisha vizuri, sababu iko poa, data iko kwa simu za watu.

#23 Bi_Mikopo
Ndo maana nasema kiasi. Akiwa na idadi kwa kata, Excel yake aitume hata kwa balozi wa nyumba kumi.

#24 NaiDev254
Kwa huyo Juma sawa. Na yule wa kupigia wadaiwa simu? Huyo lazima apewe namba.

#25 Bi_Mikopo
Huyo aingie kwenye mfumo wa kupiga simu aone mtu mmoja mmoja, asipewe orodha. Lakini nakubali kuna wengine huwezi kuwakwepa, mfano anayetengeneza hesabu za mwaka.

#26 mzee_wa_seva
Sikubaliani na nyie wote wawili kusema haifai kitu. Data ikivuja ukiwa na rekodi unajua waliokuwa nayo ni wanne, siyo jengo zima. Haizuii, lakini unajua uanze kumuuliza nani. Mradi tu hiyo rekodi yenyewe isibadilishwe: akaunti inayotumiwa na mfumo iwe na `INSERT` na `SELECT` kwenye jedwali la historia, iondolewe `UPDATE` na `DELETE`. Na nakala iende mahali ambapo fundi wa databesi hafiki, maana mimi nikiwa na mamlaka yote naweza kujirudishia haki hizo kwa mstari mmoja.

#27 MkaguziMstaafu
Naongezea jingine nililolikuta mara nyingi: mwenye data yuko likizo. Maombi yanarundikana, basi anamwachia karani wake simu na nywila abonyeze. Ukisoma rekodi unaona meneja ameidhinisha, kumbe alikuwa kijijini. Bora mfumo uwe na kaimu mwenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na rekodi iandike jina la kaimu mwenyewe. Kwa mtazamo wangu hizo "ok" za FundiLogi huenda nyingi hazikuandikwa na meneja kabisa.

#28 chapa_kazi
Kumbe ok ni za karani 😂 uzi umenoga huu

#29 kodi_safi
Mimi bado naona tatizo ni wingi. Meneja mmoja anapokea kila kitu, hata afisa mikopo mpya anayeanza kazi leo anaombewa aksesi ambayo kila afisa mikopo anayo. Hizo za kawaida zifuate cheo, akiajiriwa anapata, akihama idara anaondolewa. Zibaki zile za ajabu ndo zije kwenye fomu, na hapo hata sababu ataandika vizuri maana ni chache.

#30 Bi_Mikopo
Mie wingi haunisumbui kama kutojua ninachokubali. Ombi moja kwa wiki lenye `rpt_ln_arr_v3` bado ningeandika ok.

#31 Wakili_Mtaani
Mmesahau kwamba mwenye data siye meneja. Mwenye taarifa ni yule mkopaji, na hakuna aliyemuuliza.

#32 MkaguziMstaafu
Hapo wakili umesema kweli, ingawa mkopaji hatuwezi kumwamsha kila Juma anapotaka ripoti. Alikubali kwa lengo la mkopo. Meneja kazi yake ni kuangalia kama lengo bado ni lilelile, na semina ya marejesho angalau inafanana nalo. Masoko wakitaka hiyo orodha kuuza bima, hiyo ni habari nyingine kabisa.

#33 FundiLogi
Wakuu nashukuru, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Nimebadilisha msimamo nusu: tunaweka visanduku viwili, cha mwombaji "nataka kufanya nini" na cha mwenye data "kwa nini nimetoa kiasi hiki", na tunaongeza kitufe cha tatu cha "toa pungufu". Majina ya majedwali tunayaandikia maelezo ya Kiswahili, kilichomo na kolamu zipi zina jina la mtu.

Ila nimekimbiza ile ya #21 kuhusu makundi. Wametokea watu wasio na ombi lolote, mmoja alishaacha kazi, huyo nimemtoa. Wa pili ni meneja mkuu mwenyewe, yumo kwenye kila kundi. Sasa huyu ombi lake aidhinishe nani? Hao wenye data wote anawateua yeye.

#34 chapa_kazi
Hapo mimi simo 🏃🏃

#35 mzee_wa_seva
Mtoe kwenye makundi, mpe ripoti za jumla. Meneja mkuu hana kazi na jedwali ghafi.

#36 Bi_Mikopo
Mzee wewe unaongea ukiwa mbali. Atakayemtoa ni FundiLogi na barua ya onyo itasainiwa na nani?

#37 MkaguziMstaafu
Kwa SACCOS mna Kamati ya Usimamizi, inachaguliwa na mkutano mkuu wa wanachama na meneja haiteui. Ombi la meneja mkuu liende kwao. Wasipokaa kikao kwa wakati utaongea na mwenyekiti, lakini usimtoe kimyakimya, mwandikie kwanza kwamba yumo bila ombi na umpe fomu ajaze kama wengine.

#38 FundiLogi
Kamati inakaa kila robo mwaka. Fomu nimempelekea leo asubuhi, kwenye "nataka kufanya nini" kajaza "usimamizi".

#39 NaiDev254
😂😂😂 herufi tisa. Constraint ya mzee ingemshika.

#40 mzee_wa_seva
Hiyo iko kwa mwenye data, ya mwombaji hatukuiwekea. Ongeza.